Tulipohamisha Duka, Wakaja Kulia

Siku ile tuliokuwepo ni hawa: tajiri wangu, mtu wa mrima huko pwani, mwenye duka, mke wake, aliyekuwa ndani akisonga ugali, mama mmoja Mkisi, mfinyanzi, aliyekuwa akituletea vyungu kwa mtumbwi tangu tulipokuwa Mwaya, mpiga ngoma niliyemkodi mwenyewe, mdogo wangu wa kiume na mdogo wangu wa kike, na mimi. Wengine waliofika siwezi kuwahesabu. Walijaza uwanja wa duka hadi barabarani, na wengi wao walikuwa wanalia.

Nilikuwa nimetoka nyuma ya nyumba na mzigo wa chumvi begani. Niliposikia kilio, jambo la kwanza nililofanya ni kuwatafuta wadogo zangu kwa macho. Mmoja alikuwa juu ya gunia, mwingine alikuwa amesimama mlangoni, kidole mdomoni. Wote wawili walikuwa hai. Basi nikatua mzigo na kujiuliza: kama si hawa, anayeliliwa ni nani?

Baba yetu alikufa nikiwa shuleni misheni, mama akamfuata mwaka uliofuata. Nikaacha shule. Wajomba walikuwa tayari kutuchukua, lakini si mahali pamoja: mmoja alimtaka mdogo wangu wa kiume achunge ng'ombe zake huko Njisi, mwingine alimtaka yule binti. Mimi wangeniacha nitafute njia yangu. Nikaenda Mwaya, bandari ya ziwani, kwa yule tajiri, nikamwambia najua kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwamba sitaki mshahara mkubwa, ila nataka chumba cha kulala watu watatu. Aliniangalia muda mrefu, kisha akasema, "Watatu wote wanakula?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi na wewe utafanya kazi ya watatu."

Tulikaa pale ufukweni misimu kadhaa. Duka lilikuwa na nguo za amerikani na kaniki, majembe na chumvi. Sisi tulinunua mpunga wa watu wa bonde, na vyungu vya Wakisi, na kuuza mchele kwa boma la mlimani kwa ajili ya chakula cha askari. Misheni nayo ilinunua mchele wake kwetu. Kwa ajili ya boma serikali ilikuwa imetandaza waya kutoka bandarini hadi mlimani, na tajiri alipata ruhusa, kwa kulipia, ya kuwekewa sanduku la simu ukutani. Waya ulikuwa mmoja kwa wote. Ukizungusha mpini, kengele zililia katika kila nyumba iliyo kwenye waya, ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na namba yake: posta mlio mmoja, boma miwili, sisi mitatu, misheni minne. Ukisikia mlio usio wako, unakaa kimya. Karani wa posta alituonya kwamba anayeinua simu ya mwenzake atalipishwa faini.

Kisha masika moja mto ukaanza kula kingo. Asubuhi tuliamka tukakuta choo hakipo. Baadaye maji yakaingia ghalani, mpunga ukachipua ndani ya magunia. Tajiri alisimama ndani ya maji yaliyomfika magotini, akasema, "Ziwa linataka nyumba yake. Tuliachie." Akapata kiwanja Ndandalo, mahali palipoinuka, karibu na njia inayopanda bomani. Waya ulipita palepale, kwa hiyo sanduku la simu tungeweza kuhama nalo. Lakini namba, hapana. Karani wa posta alisema tatu ni ya bandarini na itabaki bandarini. Atapewa askari wa forodha. Sisi tungekuwa tano.

"Mimi nimezoewa kwa tatu," tajiri akalalamika.

"Bwana, tatu si jina lako," karani akamjibu. "Ni milio tu."

Kabla ya kuhama tajiri aliniita. Alikuwa mtu wa kusema mambo mazito kama anasema bei ya chumvi. Alisema duka linalohama ni kama mtu anayezaliwa upya, hakuna anayemjua. Kila anayetuuzia na kila anayenunua lazima ajue tulipo na namba ya kutupigia. "Kazi hiyo ni yako. Mwezi ukiandama tena na watu hawajatufuata, mimi ninauza vilivyomo na kurudi kwetu mrima. Na wewe na hao wawili mtajua pa kwenda."

Nilijua pa kwenda. Mmoja Njisi, mmoja kwa mjomba wa pili, na mimi barabarani.

Nikaanza kazi. Barua ziliandikwa kwanza, moja kwa muuza nguo wa pwani, moja kwa misheni, moja kwa boma. Maneno yalikuwa yaleyale: kwamba duka limetoka Mwaya na kuhamia Ndandalo, njia panda ya boma, kwamba simu ni namba tano, si tatu tena, kwamba barua ziendelee kupita posta ya Mwaya, lakini ziandikwe Ndandalo, nasi tutatuma mtu kuzichukua, na tafadhali ile namba ya zamani ifutwe katika daftari, iandikwe hii. Tajiri alitia sahihi kwa herufi za Kiarabu, barua zikaondoka na tarishi.

Waliobaki ni wasiosoma, nao ndio wengi. Kwao nilifanya mambo mawili, na yote niliona ni ya akili.

La kwanza lilikuwa bango. Tulipotoka Mwaya tuling'oa milango na madirisha, kwa sababu mbao zilikuwa ghali, tukaiacha nyumba wazi. Mbele yake nikasimika mti, na juu ya mti nikapigilia ubao kwa kukingama, nikaandika kwa chokaa jina la tajiri, na chini yake Ndandalo, na namba tano. Nilijua wengi hawasomi, lakini nilidhani atakayesoma atamwambia asiyesoma.

La pili lilitoka kwa tajiri mwenyewe. "Kwetu jambo linatangazwa kwa mbiu," alisema. "Pembe inapulizwa, au ngoma inapigwa, watu wanatoka nje, wanaambiwa. Hamna ngoma nyinyi?"

Nikasema tunazo. Nikamtafuta mpiga ngoma, nikampa kaniki, nikamfundisha maneno ya kusema: duka la ufukweni limeacha pale lilipokuwa, liko Ndandalo, wote waliozoea kuleta na kununua waje Ndandalo. Mpiga ngoma alinisikiliza, akakuna kichwa.

"Nipige ngoma hii?"

"Hiyohiyo."

"Kijiji kwa kijiji?"

"Kila kijiji, hadi ufukweni kwa Wakisi."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma." Akaondoka taratibu, akigeuka nyuma mara kwa mara, kama mtu anayengoja aitwe arudi. Sikumwita.

Mimi nilikulia misheni. Huko mtu akifa, kengele ya kanisa iligongwa, tukaimba, tukarudi darasani. Wanafunzi tulikatazwa kwenda kwenye vilio vya vijijini, kwa sababu ya ngoma na pombe. Baba na mama nao walizikwa na misheni. Kwa hiyo mambo ambayo mtoto yeyote wa Ndandalo aliyajua, mimi sikuyajua, na sikujua kwamba siyajui.

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu. Hakuna aliyekuja. Nilipanga majembe, nikayapangua, nikayapanga tena. Watu walipita njiani, wakiona duka wanapunguza sauti. Niliwaamkia, "Ugonile," wakaitika kwa upole mno, upole ambao watu humpa mgonjwa, wakaenda zao. Mzee mmoja alinishika mkono bila kuuachia, akasema, "Jikaze, mwanangu." Nikamwambia ninajikaza. Nilidhani anazungumzia biashara.

Na simu ililia. Hilo ndilo lililonitesa zaidi. Ililia mara tatu, ikanyamaza, ikalia tena mara tatu. Nilijua ni boma, na nilijua linataka mchele, maana ilikuwa saa ileile ambayo karani wa ghala la boma alikuwa akitupigia siku zote. Nilisimama mbele ya sanduku, mikono nyuma. Tatu si yetu. Huko bandarini askari wa forodha alikuwa akiinua, sijui akimwambia nini.

"Bwana, tuwapigie sisi," nilimwambia tajiri.

"Barua imekwenda."

"Huenda imekwenda kwa mzungu, karani wa ghala hajaiona."

"Anayepiga kwanza ndiye mwenye njaa," akasema. "Nikimpigia leo, kesho atanipangia bei. Ngoja."

Tukangoja. Mke wake alisema kwa sauti, akiwa jikoni, kwamba wengine wanangoja na wengine wanakula akiba. Tajiri akajifanya hakusikia. Mwezi ulikuwa umebaki ukucha. Usoni pa tajiri niliona ameanza kupima ni wapagazi wangapi watatosha mizigo ya kurudi pwani, na mdogo wangu wa kike akaniuliza kama kwa mjomba kuna paka.

Ndipo ikaja ile asubuhi.

Kwanza walikuja wanawake. Walikuja wakiwa wamefunga viuno kwa magome ya mti, wamebeba mchele kwenye vikapu, ndizi na kuku, na walipofika kwenye kona ya uwanja walianza kulia wote kwa pamoja, kana kwamba pana mstari pale chini. Nyuma yao wanaume, na kila mwanaume ana jembe begani. Mmoja wao, mtu mpana ambaye tulikuwa tukinunua mpunga wake kila mavuno, alinijia akaweka jembe chini.

"Tunachimba wapi?" akauliza.

"Mnachimba nini?"

Akanitazama kwa huruma. "Kaa chini, mwanangu. Hujala, nadhani. Nyie, mleteeni ndizi."

Nikaletewa ndizi. Nikaishika. Mpiga ngoma wangu alikuwa amekaa kando ya njia, ngoma mapajani, akipiga polepole, na hakuniangalia usoni.

Kisha akafika yule mama Mkisi. Alikuwa ametoka ufukweni na binti zake, wamesaidiana kubeba mtungi mkubwa kuliko wote niliopata kuona, ambao hata yule mpana wa mpunga asingeweza kuukumbatia. Waliutua chini taratibu. Yeye alikuja moja kwa moja kwangu, akanikumbatia kichwa kifuani pake.

"Nimeuona msalaba wake," akasema. "Pale Mwaya. Nimeona wamemwandika jina. Nikasema, tangu lini yule Mwislamu akawekewa msalaba? Lakini wazungu hawaulizi mtu. Nikasema, angalau ameandikwa."

Hapo nilianza kuelewa, lakini kwa vipande vipande. Mti na ubao uliokingama. Jina kwa chokaa nyeupe. Nyumba isiyo na milango, kama wanavyoiacha nyumba ya mwenye kufa. Na ngoma, kijiji kwa kijiji.

"Mama," nikasema, "ni bango. Ni tangazo. Tumehama."

"Ndiyo, amehama," akanipigapiga mgongoni. "Sote tutahama."

"Hapana, mama. Hajafa."

Akaniachia, akanitazama. Wakati ule mlango wa ndani ukafunguliwa, tajiri akatoka, kanzu nyeupe, mkononi kipande cha ugali, amekasirika kwa sababu ya kelele.

"Kuna nini hapa? Nani kafa?"

Kilio kilikatika. Mwanamke mmoja aliketi chini. Wengine walirudi nyuma hatua kadhaa, na yule mpana akaokota jembe lake akalishika kwa mikono miwili.

Tajiri akawatazama, akanitazama mimi. "Waulize nani kafa."

"Wewe, bwana," nikasema.

Akauma ugali wake, akatafuna taratibu, watu wote wakimtazama anavyotafuna.

"Anakula," mama Mkisi akasema. "Wafu hawali. Mwacheni."

Mtu akacheka upande wa nyuma, halafu mwingine. Mpiga ngoma akasimama. "Mimi nilisema maneno niliyopewa," akasema. "Kila mahali nilisema duka limehamia Ndandalo. Nimesema hadi koo limekauka."

"Nani anasikiliza maneno ngoma ya msiba ikilia?" yule mpana akamjibu. "Mtu anachukua jembe lake anakwenda. Ungesema hata kwamba ng'ombe wanauzwa bure, tungekuja kuzika."

Walikaa hadi mchana. Huwezi kuwaambia watu waliotembea tangu alfajiri warudi bila kula. Mke wa tajiri alipika, wanawake wakaingia kumsaidia, na mara kwa mara mmoja alitoka nje kumtazama tajiri, kuhakikisha. Tajiri, akiwa bado amechanganyikiwa, alianza kuona kitu kingine. Vikapu vya mchele vilikuwa vimejaa uwanjani, zaidi ya tulivyopata kununua kwa siku moja Mwaya. Akaniita pembeni.

"Watu wamefika," akasema kwa sauti ya chini. "Na mchele umefika. Upime. Tuwalipe tuwapelekee boma."

Mama Mkisi alisikia. "Huo hauuzwi," akasema.

"Mama, mimi ni mfanyabiashara, wewe ni mfanyabiashara. Sijafa, basi msiba hakuna. Ni mchele tu."

"Tumelia au hatukulia?"

Tajiri akanigeukia nimsaidie.

"Mmelia," akakiri.

"Basi umeliliwa. Machozi hayaingii tena machoni. Mchele huu kula, pika, gawa, lakini usiupime. Na mtungi wangu ni wako. Siku yangu ikifika, utakuja na wewe. Na ya huyu utakwenda, na ya yule." Akaonyesha uwanja mzima kwa kidevu. "Hivyo ndivyo inavyolipwa. Hakuna njia nyingine."

"Wote hawa?"

"Wote waliokuja."

Tajiri aliutazama uwanja, na nilimwona akipotea. Alikuwa amefanya biashara na watu hawa miaka, lakini hakujua nani ni mke wa nani, nani anatoka mtaa gani, ni ngoma ya wapi inayolia kwa ajili ya nani. Mimi mwenyewe sikujua. Lakini nilianza palepale. Nilipita kwa kila mmoja, nikamwamkia, nikamuuliza nyumba yake iko wapi na watu wake ni akina nani, nikamshukuru, "Ndaga fijo," na wao wakanijibu taratibu, wakinifundisha, wakinicheka nilipochanganya shangazi na mke. Tajiri alinitazama akiwa mlangoni.

Simu ikalia. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena.

Tajiri alikwenda ukutani mwenyewe, akangoja kengele zinyamaze, akazungusha mpini mara mbili, akanipa kisemeo. Sauti ya karani wa ghala la boma ilitoka mbali, kama mtu aliye ndani ya pipa.

"Nani?"

"Duka. Tumehamia Ndandalo. Namba yetu sasa ni tano."

"Duka lina msiba. Wapagazi wametuambia."

"Halina."

"Askari wa forodha naye amesema nyumba ni tupu na pana msalaba mbele yake."

"Ni bango, bwana karani. Mwenye duka yupo hapa, anakula."

"Mwambie aseme."

Nikampa tajiri kisemeo. Tajiri akasema, "Salaam. Mchele unataka au hutaki?" Upande wa pili nikasikia kicheko, kisha sauti ikisema ngoja, naandika, tano, Ndandalo.

Mchele ule wa uwanjani hatukuuza. Lakini watu waliokuja siku ile waliijua njia ya Ndandalo kwa miguu yao, na hakuna anayesahau mahali alipolilia. Wiki ile ile walianza kuleta mpunga wa kuuza, wakiuweka mbali na ule mwingine ili usichanganywe. Mama Mkisi alileta vyungu vya biashara, akabishana bei kama zamani. Msalaba wa Mwaya niliung'oa mwenyewe.

Mwezi ulipoandama, tajiri aliniita. Nilikwenda nikiwa nimewashika wadogo zangu mikono.

"Siwezi kukufukuza," akasema, kama mtu aliyegundua hasara. "Ukienda wewe, nani ataniambia ni msiba wa nani?" Akawatazama wale wawili. "Nao waanze kujifunza. Ni watu wengi."

Kwa hiyo tulibaki, chumba kimoja, watu watatu. Ngoma ikilia, tajiri alitoka mlangoni na kunitazama, nami nikasema ya fulani, wa upande fulani, alileta kuku. Tukafunga duka, tukaenda, yeye na kanzu yake, mimi na jembe. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipokuja, na Waingereza wakashuka, alifungasha akarudi mrima, akaniachia duka na kila alichokuwa hajamaliza. Hakusema kwamba deni nalo ni langu. Hakukuwa na haja.

Mengi nimeyalipa. Yule mpana wa mpunga nilimchimbia mimi na mdogo wangu, udongo mgumu, kiangazi. Wengine nimekwenda kwa watoto wao, kwa sababu wenyewe walikufa nikiwa mbali vitani na mizigo ya watu kichwani. Mtungi ule uko kwangu mpaka leo, una maji. Mama Mkisi bado yuko hai, hana jino hata moja, na kila nikienda ufukweni ananiuliza kama duka liko palepale. Namwambia liko palepale. "Usihame," ananiambia. "Ngoja kwanza mimi."